Kukadiria Thamani ya Vyombo vya Nyumba Chumba kwa Chumba Kabla ya Kukata Bima

Mtu anapokwenda kukata bima ya vyombo vya nyumbani, wakala humuuliza swali moja ambalo huamua karibu kila kitu kitakachofuata: vyombo vyako vyote, ukivikusanya pamoja, vina thamani ya shilingi ngapi? Wengi hujibu papo hapo, laki tano au laki sita, kwa kukumbuka sofa, televisheni na friji, kisha wanaongeza kidogo juu yake. Kiasi hicho huandikwa katika fomu ya maombi, ada hukokotolewa kutokana nacho, na mtu hutoka ofisini akiamini kwamba lolote likitokea atalipwa mpaka kiasi hicho. Hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa sababu kiasi cha bima ni kipimo ambacho kampuni itakitumia kupima hata hasara ndogo, mbali na kuwa mwisho wa malipo.

Karibu kila hati ya bima ya nyumba nchini Kenya ina kifungu cha uwiano. Kifungu hiki kinasema kwamba iwapo siku ya hasara itaonekana thamani halisi ya vyombo vyote ilizidi kiasi kilichokatiwa bima, basi mwenye nyumba atahesabiwa kuwa amejibebea mwenyewe sehemu iliyobaki, naye atalipwa kwa kadiri ya alichokikatia tu. Aliyekatia nusu hulipwa nusu ya kila hasara, hata kama kilichoungua ni jikoni peke yake. Kwa hiyo hoja ya wale wanaosema kwamba moto hauwezi kula nyumba nzima, na kwamba wao wanatosheka na bima ya laki tatu tu, haina msaada wowote. Kinachopimwa ni nyumba nzima, hata kama kilichopotea ni chumba kimoja.

Mwongozo huu unaifuata familia moja ya kielelezo: mwalimu wa shule ya upili, mkewe ambaye ni mshonaji wa nguo, watoto wao wawili wa shule ya msingi na msaidizi wa kazi za nyumbani, wanaoishi katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu vya kulala huko Mamboleo, Kisumu. Mwalimu alimtajia wakala laki sita. Bei nitakazotumia ni za kielelezo hiki, na msomaji wa Nakuru au Kakamega hana budi kuweka za kwake.

Uliza kwanza utalipwa kwa bei gani

Kabla ya kuandika bei ya kijiko, muulize wakala kama hati hiyo hulipa kitu kipya badala ya kilichoharibika, au hulipa thamani ya kitu jinsi kilivyokuwa siku ya hasara baada ya kutoa uchakavu. Mwombe akuonyeshe sentensi yenyewe ndani ya hati, kwa sababu kijikaratasi cha matangazo mara nyingi hakilisemi jambo hili. Orodha yako ni lazima ifuate msingi huo huo. Ukikatia kwa thamani iliyobaki baada ya uchakavu ilhali hati inapima kwa bei ya kitu kipya, kifungu cha uwiano kitakupata. Ukifanya kinyume chake, utalipa ada ya juu kwa fedha ambazo hutalipwa kamwe.

Pale uchakavu unapohesabiwa, hutolewa katika bei ya leo, wala si katika bei uliyonunulia. Familia yetu ilinunua friji kwa shilingi 35,000, na leo friji ya ukubwa na ubora ule ule ni shilingi 52,000. Tuseme friji ya aina hiyo hudumu miaka 12 na hii imetumika miaka 6. Thamani yake basi ni nusu ya 52,000, yaani 26,000, na wala si nusu ya 35,000. Wanaokusanya risiti za zamani na kuzijumlisha huangukia hapa: risiti ni ushahidi mzuri kwamba kitu kilikuwa chako, lakini si bei ya kukirudisha.

Hati ya familia yetu hulipa kitu kipya, isipokuwa nguo na matandiko ambayo hulipwa baada ya kutoa uchakavu. Mpangilio huu ni wa kawaida, nasi tutaurudia tutakapofika chumbani.

Tenganisha vilivyo vyako na visivyo vyako

Mpangaji hakatii bima kabati zilizojengwa ukutani, sinki, milango wala vigae, kwa maana hivyo ni sehemu ya jengo na ni vya mwenye nyumba. Ikiwa hita ya bafuni uliifunga mwenyewe na utaondoka nayo utakapohama, iandike, na umweleze wakala kwamba umeifunga ukutani. Kipimo kinachosaidia ni kujiuliza nini kingepakiwa kwenye lori siku ya kuhama.

Hata hivyo, lori hilo lingebeba pia vitu ambavyo sehemu ya vyombo vya nyumba haivigusi. Pikipiki huhitaji bima yake ya chombo cha moto. Kuku walio uani hawahesabiwi. Fedha taslimu, hatimiliki na vyeti ama vimeondolewa kabisa au vina kikomo kidogo sana. Kwa familia yetu suala zito zaidi lilikuwa cherehani mbili za umeme, mashine ya kudarizi, na nguo za wateja zilizotundikwa katika chumba cha tatu. Hizo ni mali za biashara, na bima ya nyumba kwa kawaida haizilipi hata kama ziko chini ya paa moja na kitanda. Mama huyo aliziweka katika orodha ya pembeni ili aulize bima ndogo ya biashara, na akaziondoa katika hesabu hii. Angeziacha ndani, angelipia kila mwaka kinga ambayo haipo.

Msaidizi wa nyumbani naye ana nguo, simu na sanduku lake. Hati nyingine huvihesabu vitu vya mfanyakazi anayelala nyumbani, nyingine hazivihesabu, kwa hiyo ulizia. Ndugu anayekaa nanyi kwa muda huku akijilipia sehemu ya kodi ni habari nyingine, naye anafaa ajikatie mwenyewe.

Sebule na jikoni

Anza sebuleni kwa sababu ndiko kulikorahisi. Simama mlangoni, anza kushoto, zunguka chumba mpaka urudi mlangoni, na uandike kila kinachoonekana kabla ya kufikiria bei yoyote. Bei zifuate baadaye, na ziwe za mahali ambapo wewe hasa hununua. Familia hii ilichonga sofa yake kwa mafundi wa soko la Kibuye, na kwa hiyo iliuliza bei ya sofa kama hiyo kwa mafundi wale wale, na si katika duka la fanicha lenye kiyoyozi.

Sofa ya watu saba ilikuwa 85,000, meza ya kulia na viti sita 48,000, televisheni ya inchi 55 ilikuwa 58,000, kabati lake 16,000, meza ya kahawa na stuli zake 14,000, na redio yenye spika 15,000. Hapa wengi hufunga daftari. Lakini mapazia, vitambaa vyepesi vya ndani na fimbo zake viligharimu 22,000, zulia 13,000, na mito, saa ya ukutani, picha na vitambaa vya viti 12,000. Jumla ya sebule ni 283,000, na 47,000 kati ya hizo ni vitu ambavyo baba wa nyumba hakuvitaja kabisa alipoulizwa mara ya kwanza.

Jikoni mambo hubadilika, kwani vitu vikubwa ni vichache na vidogo ni vingi mno. Friji 52,000, jiko la gesi lenye ovena 45,000, maikrowevu 11,000, blenda na birika la umeme 12,000, mitungi miwili ya gesi pamoja na gesi, mpira na regleta 14,000, na mapipa ya maji pamoja na chujio 15,000. Kisha fungua kila kabati na kila droo. Sufuria za ukubwa wote pamoja na ile kubwa ya shughuli, vikaango, chupa za chai, hotipoti, sahani za kila siku na zile za wageni, vikombe, bilauri na vijiko vilifika 46,000. Hesabu kwa seti: sahani sita za bei fulani, sufuria tano za bei fulani. Huna haja ya kupima kila kijiko, lakini usiandike "vyombo" kisha ukaweka 10,000 kwa kubahatisha. Unga, mchele, mafuta na kilichomo ndani ya friji ni 12,000 nyingine. Jumla ya jikoni ni 207,000.

Ukiona katika orodha yako vyombo vya kupikia na kulia vyote kwa pamoja ni vya bei ndogo kuliko maikrowevu, hukufungua makabati.

Chumba cha kulala, ambako fedha nyingi hujificha

Katika nyumba nyingi za aina hii, chumba kikuu cha kulala ndicho chenye thamani kubwa zaidi, nacho ndicho hukadiriwa vibaya kuliko vyote. Sababu ni nguo. Nguo hununuliwa moja moja kwa miaka mingi, shati la 400 leo na kitenge cha 2,500 mwezi ujao, na hakuna siku mtu anapoiona jumla yake. Siku ya moto, familia huhitaji kuzinunua zote kwa mara moja.

Njia ambayo naipendelea ni kuhesabu kwa aina na idadi. Toa nguo zote kitandani, zigawanye katika mafungu, hesabu kila fungu, kisha uweke bei ya katikati ya fungu hilo: suti tatu, suruali kumi na mbili, mashati ishirini, sweta tano, jozi saba za viatu, na nguo za ndani ambazo kila mtu huzisahau. Nguo za mitumba zipewe bei ya mitumba ya Kibuye leo, kwa kuwa hapo ndipo utakapozinunua tena. Suti iliyoshonwa na fundi ipewe bei ya kitambaa na ufundi wa leo. Kwa kuwa hati hii hulipa nguo baada ya kutoa uchakavu, familia ilipunguza bei za zile zilizokaribia kwisha kwa nusu na za wastani kwa robo, na zile ambazo zingetupwa mwezi ujao haikuziandika. Hata baada ya makato hayo, nguo na viatu vya baba vilibaki 95,000, na vya mama 140,000. Alipoona jumla ile, mama alidhani wamekosea, wakarudia kuhesabu, na ikatoka ile ile.

Kitanda na godoro vilikuwa 62,000, shuka, blanketi, duveti, chandarua na mito 24,000, meza ya vipodozi na vilivyomo 18,000, masanduku na mikoba 16,000, kipakatalishi cha mwalimu 65,000, na vito 60,000, yaani pete mbili za ndoa, mkufu na saa ya mkononi. Chumba hiki kimoja kilifika 480,000, karibu mara 1.7 ya sebule ambayo ndiyo wageni huisifia.

Chumba cha watoto hakihitaji maelezo marefu. Kitanda cha ghorofa na magodoro yake mawili ni 50,000, matandiko 16,000, nguo, viatu na sare za shule 70,000, vitabu na mabegi 18,000, dawati, vichezeo na baiskeli ndogo 26,000. Jumla ni 180,000. Chumba cha tatu, baada ya kuondoa mali za ushonaji, kilibaki na kitanda na matandiko ya msaidizi pamoja na pasi na meza yake, jumla 54,000. Bafu, stoo na veranda vilikuwa na mashine ya kufulia ya 42,000, taulo, ndoo na mabeseni ya 11,000, na viti vya plastiki, ngazi na zana za bustani za 19,000, yaani 72,000.

Ukijumlisha vyumba vyote, unapata 1,276,000. Kumbuka kwamba mwalimu alikuwa ametaja 600,000.

Pima ile laki sita kwa hasara moja

Tuseme moto wa jikoni ulivuka mpaka sebuleni na kuharibu vitu vya shilingi 300,000, na mtathmini wa hasara aliyetumwa na kampuni akapita vyumba vyote, vilivyoungua na ambavyo havikuungua, akaona thamani ya yote ni 1,276,000. Hesabu yake ingekuwa hivi:

```
300,000 x 600,000 / 1,276,000 = 141,066
```

Familia ingepokea takriban 141,000, kabla hata ya kutoa kile kiasi cha kwanza cha kila dai ambacho hati humwachia mteja ajibebee. Zaidi ya nusu ya hasara ingekuwa yao, ingawa hasara yenyewe ni nusu tu ya kiasi walichokatia bima. Na kama ada ingekuwa asilimia 1 ya kiasi hicho, tofauti ya ada kati ya laki sita na thamani kamili ni kama shilingi 6,760 kwa mwaka, bila tozo za serikali.

Kagua kikomo cha kitu kimoja

Jumla sahihi bado haitoshi. Hati nyingi za nyumba nchini Kenya husema kwamba hakuna kitu kimoja kitakachohesabiwa kuwa na thamani ya zaidi ya asilimia 5 ya kiasi cha bima ya vyombo, isipokuwa kimetajwa peke yake. Fanicha na mashine kubwa za nyumbani huwa zimeondolewa katika kikomo hiki, ila vipakatalishi, kamera, saa na vito huwa vimo. Vilevile vito na vitu vya dhahabu na fedha, vyote kwa pamoja, huwekewa kikomo cha theluthi moja ya kiasi cha bima. Asilimia hizi usizichukue kwangu. Zitazame katika hati unayotaka kuinunua.

Asilimia 5 ya 1,276,000 ni 63,800. Kipakatalishi cha 65,000 kimeipita kidogo, na zaidi ya hayo mwalimu hukibeba kila siku kwenda shuleni, ambako bima ya vyombo vya nyumbani haimfuati. Mahali pake ni katika sehemu ya hatari zote ya hati hiyo hiyo, ile inayokinga vitu vinavyobebwa nje ya nyumba, na humo huorodheshwa kwa jina, modeli na nambari ya utambulisho. Simu pia huenda huko. Ada ya sehemu hiyo huwa juu kuliko ya vyombo vinavyokaa nyumbani, kwa hiyo usipeleke huko vitu visivyotoka mlangoni. Mara kipakatalishi kilipohamishwa, kiliondolewa katika vyombo vya nyumba, na jumla ikashuka hadi 1,211,000. Asiyekiondoa hukilipia mara mbili, naye hatalipwa mara mbili.

Kwa vito hakukuwa na tatizo. Mkufu, ambao ndio wa bei ya juu zaidi, ulikuwa 38,000, na vyote kwa pamoja viko mbali sana na theluthi. Kwa familia iliyokatia laki sita hali ingekuwa tofauti: asilimia 5 ya 600,000 ni 30,000, na mkufu ule ungekuwa tayari umevuka kikomo.

Nafasi ya mwaka mmoja, na mahali pa kusimama

Hati hudumu miezi 12, na kifungu cha uwiano hutazama thamani ya siku ya hasara. Bei zikipanda katikati ya mwaka, orodha iliyokuwa sahihi Januari huwa pungufu Oktoba. Kwa sababu hiyo familia iliongeza asilimia 5, ikapata 1,271,550, ikakamilisha hadi 1,275,000. Nisingeongeza zaidi ya asilimia 10 kwa nyumba ambayo hainunui vitu vikubwa. Kujaza tarakimu kwa kutarajia faida hakuna maana, kwani kampuni hulipa hasara iliyothibitika tu, na aliyekatia milioni mbili kwa vyombo vya milioni moja na robo amelipa ada ya bure.

Orodha yenyewe iambatanishwe na fomu ya maombi, ikiwa na jumla ya kila chumba, na uhifadhi nakala nje ya nyumba, kwa mfano katika barua pepe yako. Piga picha kila chumba kutoka pembe mbili, droo na kabati zikiwa wazi, na picha ya karibu ya kibandiko cha nambari nyuma ya televisheni, friji na mashine ya kufulia. Ujumbe wa M-Pesa wa siku ya ununuzi husaidia pale risiti imefifia, ingawa hautaji kitu kilichonunuliwa, na hivyo uandike pembeni ulikuwa wa nini.

Hati inapotoka, soma ukurasa wa kwanza wenye jedwali kabla ya kuuweka kabatini, na uone kwamba kiasi cha vyombo ni 1,275,000, kwamba kipakatalishi kimeandikwa katika sehemu ya hatari zote, na kwamba anwani ni ya nyumba unayoishi sasa. Ukinunua friza kubwa mwezi wa Juni, usingoje kuhuisha bima mwaka ujao: mwandikie wakala, aongeze kiasi kwa miezi iliyobaki, na akupe karatasi ya nyongeza inayotaja kiasi kipya na tarehe kinapoanza.